Waranti ya mashine ya barafu kutoka China: kutengeneza, kubadilisha na kurudisha pesa vyote vimefungwa sentensi moja. Naomba ushauri

Mvuvi_Likoni
Assalaam aleikum jamani. Tuko washirika watatu, tunaagiza mashine ya barafu ya vipande vyembamba, tani 1 kwa saa 24, kwa ajili ya wauza samaki. Bei ni dola 9,600 FOB, yaani mashine ikiwa imepakiwa melini huko China, na nauli ya meli hadi Kilindini dola 1,400. Amana hatujalipa. Kifungu cha waranti nimekitia Kiswahili hivi:

"Waranti ni miezi 12 tangu tarehe ya bili ya ladingi. Mashine ikiwa na kasoro, muuzaji kwa hiari yake ataitengeneza, ataibadilisha au atarudisha pesa. Vipuri ni bure."

Bili ya ladingi ni hati ya mzigo kupakiwa melini. Wenzangu wanasema mashine ikituharibikia tutachagua wenyewe, mashine mpya au pesa. Mimi naona si hivyo. Tuiandike vipi?

Baba_Swafiya
Msijisumbue. Sheria ya Kenya inamlinda mnunuzi. Kitu kikiwa kibovu unarudisha na unapewa pesa zako, hata waranti isipoandikwa.

Karani_wa_Mikataba
Baba Swafiya, hapo umepata nusu. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, kweli inaingiza sharti la ubora hata kama mkataba umekaa kimya. Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu pande mbili kuliondoa sharti hilo kwa makubaliano, na proforma nyingi za China, yaani ankara za awali za muuzaji, huweka sheria ya kwao na usuluhishi wa kwao. Tena mnunuzi akishapokea bidhaa na kuitumia, haki ya kuikataa kwa kawaida humponyoka, abaki na haki ya kudai fidia tu.

Mvuvi, wewe ndiye umesoma sawa. Maneno yanayoamua ni "kwa hiari yake". Muuzaji anaweza kukutumia kipuri mara tano, na kila mara atakuwa ametimiza mkataba. Kwa hiyo kitenge kifungu hicho mara tatu, na kila sehemu iseme inaanza lini, ina siku ngapi, na nani analipa nini.

Kutengeneza: mashine inabaki kwenu na kasoro inaondolewa. Muuzaji ajibu ndani ya saa 48 tangu apokee picha, video na namba ya mashine, na kipuri kiondoke kwake ndani ya siku 7. Asipojibu, mruhusiwe kumwita fundi wa hapa, naye arudishe gharama kwa risiti. Bila ruhusa hiyo atasema mashine imefunguliwa na mtu asiyeidhinishwa, na waranti imekufa.

Kubadilisha: andika kinachobadilishwa ni nini. "Atabadilisha" peke yake atalisoma kuwa ni kubadilisha kipuri. Andikeni: kasoro ileile ikirudi mara ya tatu, au mashine ikisimama jumla ya siku 30, anatoa mashine nzima mpya. Semeni pia kwamba kipuri kipya kina waranti yake ya miezi 6, au muda uliobaki, wowote ulio mrefu zaidi. Usipoliandika hilo, kompresa iliyowekwa mwezi wa 11 itabaki na mwezi mmoja tu.

Kurudisha pesa: hapa mnunuzi huumia kimyakimya. Pesa zipi? "Bei ya ankara" ni dola 9,600, basi. Nauli, ushuru na gharama za bandari hazimo. Na mara nyingi huongezwa maneno "kwa uwiano wa muda wa waranti uliobaki". Ukidai mwishoni mwa mwezi wa 9, imebaki miezi 3 kati ya 12, kwa hiyo utapewa dola 2,400. Taja kiasi wazi, au angalau andika "bei yote ya ankara pamoja na nauli ya meli", na useme mashine mbovu anaichukua nani na kwa gharama ya nani.

Dada_Kisauni
Mie friji yangu ya duka la mjini iligoma, wakasema watatengeneza tu. Naweza kulazimisha wabadilishe?

Karani_wa_Mikataba
Dada, hiyo ya dukani ni nyingine, umenunua hapa hapa kwa matumizi ya nyumbani. Fungua uzi wako na utie picha ya risiti na kadi ya waranti, tutaiangalia.

Fundi_Gesi
Karani amesema ya karatasi, mimi nasema ya mashine. Hiyo "tani 1 kwa saa 24" imepimwa katika joto gani? Wengi hupima hewa ikiwa nyuzi 25 na maji nyuzi 20. Mombasa hewa hufika 32, na maji ya tangi la juu ya paa yanakuwa moto. Barafu itapungua, na muuzaji atasema hakuna kasoro, kila kitu kinafanya kazi. Naye atakuwa sahihi kwa maandishi yake.

Kwa hiyo kipengele cha kurudisha pesa msikifunge kwa neno "kasoro" peke yake. Kifungeni kwa kipimo: hewa nyuzi 32, maji nyuzi 28, ikitoa chini ya kilo 850 kwa saa 24 katika majaribio mawili yanayofuatana. Barafu ipimwe kwenye mizani, msihesabu magunia.

La pili ni umeme. Kwao fezi tatu ni volti 380, kwetu 415. Ikiwa mota imeandikwa 380 tu, bila kuonyesha inavumilia kupanda kiasi gani, kompresa ikiungua atasema umeme wenu ndio ulioiua. Agizeni ya 415, hezi 50, na iandikwe kwenye kibati cha mota. Muwe na daftari la volti na ampea za kila fezi, asubuhi na jioni. Bila daftari hamtaweza kumjibu.

Wakala_Shimanzi
Naongeza kuhusu "vipuri ni bure". Bure huko kiwandani. Nauli ni yenu, na mamlaka ya kodi, KRA, hukadiria thamani ya kipuri hata kama hamkulipa hata senti. Muuzaji asitume ankara yenye sifuri, itawacheleweshea mzigo. Aandike thamani halisi na maneno "mbadala wa waranti, hakuna malipo". Kisha mkataba useme nauli na kodi ni za nani. Nisilolipenda ni ile "rudisha kipuri kibovu kwanza". Kompresa iliyotumika ina mafuta ndani, na kuipandisha ndege ni shida. Picha ya kibati na video ya kipimo zitoshe.

Na waranti ikianza tarehe ya bili ya ladingi, itawapotezea miezi: meli, kutoa mzigo, kufunga mashine. Ombeni miezi 12 tangu kuwashwa, au 18 tangu kupakiwa, ipi itangulie.

Mvuvi_Likoni
Shukran sana. Nimempelekea. Amekubali ile ya kasoro mara ya tatu na miezi 18. Kurudisha nauli amekataa kabisa, na vipimo vya joto la Mombasa anasema atatoa "makadirio" tu. Malipo anataka asilimia 30, halafu 70 kwa nakala ya bili ya ladingi.

Karani_wa_Mikataba
Nauli unaweza kumwachia. Kipimo cha joto usimwachie. Na kwa malipo hayo, mashine ikifika huna chochote cha kumshikia. Omba 30, 60, na 10 baada ya majaribio. Usuluhishi nao ni bora kuliko kesi ya mahakamani, kwani Kenya na China zote zimo katika Mkataba wa New York wa 1958 wa kutekeleza maamuzi ya usuluhishi, na uamuzi wa msuluhishi unaweza kutekelezwa huko kwake China.

Fundi_Gesi
Hapo kwenye nauli sikubaliani, Karani. Mashine ikishindwa kwa joto tu, nauli ni hasara halisi aliyoisababisha yeye. Mvuvi, mwambie akuwekee kondensa kubwa zaidi kwa bei ileile, naye asamehewe nauli. Kwake hilo ni rahisi kuliko kurudisha pesa, na kwenu barafu itatoka.

Mvuvi_Likoni
Nimemwandikia hivyo. Nangoja jibu, na washirika wamekubali amana isitoke kabla.