Panadol na parasetamoli ya kawaida: ile bei ya juu tunalipia nini?

Mzazi, Dodoma (mwuliza swali): Duka la dawa la mtaani kwetu wana Panadol na wana parasetamoli ya kiwanda nisichokijua. Zote zimeandikwa parasetamoli 500 mg. Panadol ni zaidi ya mara mbili kwa bei. Nikiwa na akili timamu nasema nichukue ya rahisi, lakini mke wangu akiumwa kichwa nanunua Panadol. Naibiwa au kuna kitu nalipia?

Fundi umeme, Mbeya: Huibiwi, kaka. Panadol ni kali zaidi. Nimemeza hizo za kawaida nikakaa na kichwa mpaka jioni, nikameza Panadol ile nyekundu, nusu saa nikawa juu ya ngazi tena.

Mfamasia, Morogoro: Fundi, hiyo nyekundu bila shaka ni Panadol Extra. Ile ina parasetamoli 500 mg na juu yake kafeini 65 mg, na kafeini kweli inaongeza nguvu ya kutuliza maumivu. Kwa hiyo uliyosikia ulisikia kweli, ila ulilinganisha vitu viwili tofauti. Swali la mzazi ni la zile mbili zenye 500 mg tupu.

Hapo kiungo ni kilekile. Hataza ya parasetamoli, yaani haki ya kuitengeneza peke yako, ilikwisha zamani sana, kiwanda chochote chenye kibali kinatengeneza. Kwa kiwango cha ubora wa dawa cha Waingereza, kidonge cha 500 mg lazima kiwe na kati ya mg 475 na 525, tena lazima kiyeyuke ndani ya muda uliowekwa. Kikishindwa hapo hakistahili kuuzwa, kiwe na jina kubwa au hakina.

Na wanaojua hununua vipi? Marekani ulichapishwa utafiti mwaka 2015 juu ya dawa za kichwa. Mnunuzi wa kawaida alichukua ya jina kubwa karibu mara 26 katika 100. Wafamasia, wakinunua kwa pesa zao wenyewe, mara 9. Nami nyumbani kwangu ni ya kawaida.

Mwanafunzi wa biashara, Nairobi: Daktari, hao ni Wamarekani. Wana uhakika kwamba chochote kilichofika rafuni kimepimwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, takriban dawa moja kati ya kumi ni bandia au haifikii kiwango. Mtu wa huku akilipa zaidi hanunui parasetamoli bora, ananunua kupunguziwa wasiwasi. Mwenye jina ana cha kupoteza. Kiwanda kisichojulikana kikiharibu toleo moja, mwakani kinarudi na pakiti ya rangi nyingine na hakuna anayekumbuka.

Angalia hata historia ya jina lenyewe. Panadol ilianza kwa kampuni ya Sterling, ikaenda SmithKline Beecham mwaka 1994, ikawa ya GSK mwaka 2000, na tangu 2022 ni ya Haleon. Wenye mali wamebadilika mara zote hizo na mnunuzi wa Dodoma hajui hata mmoja wao. Kilichokuwa kinanunuliwa kila mara, pamoja na mitambo, ni hilo neno lililo kichwani mwake.

Mfamasia, Morogoro: Nakubali kiasi. Ila mghushi naye anasoma soko. Anaghushi ile inayoombwa, na yenye jina kubwa inaombwa. Jina kubwa linakulinda na kiwanda kizembe, halikulindi na mwizi.

Mama wa sabuni, Tanga: Samahanini, mimi natengeneza sabuni ya maji na nimefuata mjadala kwa sababu ya hilo neno jina. Sabuni yangu inatoa povu kuliko ya kiwandani, wateja wenyewe wanasema. Nikibandika lebo nzuri naweza kupandisha bei?

Mwanafunzi wa biashara, Nairobi: Mama, lebo peke yake haitoshi. Mteja lazima akute sabuni ileile mara ya tano kama alivyoikuta mara ya kwanza, uzito uleule, harufu ileile. Ukipunguza chumvi leo na kesho ukaongeza, lebo itamsaidia kukumbuka asinunue tena.

Mama wa sabuni, Tanga: Hapo kwenye uzito umenigusa. Asante, mwanangu.

Muuguzi mstaafu, Mombasa: Mnasahau mgonjwa mwenyewe. Uingereza walifanya jaribio, matokeo yakatoka mwaka 1981, kwa wanawake 835 wenye kuumwa kichwa. Wengine walipewa aspirini yenye jina maarufu, wengine aspirini isiyo na jina, na wengine vidonge visivyo na dawa, navyo vikiwa na jina au bila jina. Aspirini ilishinda kidonge kitupu, kama mnavyotarajia. Lakini chenye jina kilishinda kisicho na jina, hata pale ambapo ndani hamkuwa na dawa kabisa. Sasa mzazi, maumivu ya mkeo yakipungua zaidi kwa sababu anaiamini pakiti, utasema ameibiwa?

Mzazi, Dodoma: Bibi, hapo umenichanganya. Basi nalipia imani yake?

Mfamasia, Morogoro: Kwa kichwa sina ugomvi. Ugomvi wangu ni pale kampuni inapoiuza imani hiyo mara mbili. Australia, wenye dawa ya maumivu iitwayo Nurofen waliuza pakiti nne: ya mgongo, ya hedhi, ya kipandauso, ya kichwa cha mkazo. Ndani zote zilikuwa na ibuprofeni laisini 342 mg, na bei ilikaribia mara mbili ya Nurofen ya kawaida. Mwaka 2015 mahakama ikasema wamepotosha wanunuzi, na mwaka 2016 faini ikapandishwa kutoka dola milioni 1.7 za huko hadi milioni 6. Pale hukulipia hata uhakika wa kiwanda, maana kiwanda ni kilekile.

Muuzaji wa duka la dawa, Tabora: Niseme la upande wetu wa kaunta, maana hamjalisema. Kwenye ile ya kawaida mimi napata faida kubwa zaidi kwa kila karatasi. Mteja anajua. Nikimwambia "hii ni ileile, chukua", ananiangalia kama namuuzia mzigo uliolala. Kwa hiyo ukweli wa daktari ukitoka mdomoni mwangu unageuka biashara.

La pili, huku watu wananunua vidonge viwili, si karatasi nzima. Nikikata kwa mkasi, zile za kawaida nyingi tarehe ya mwisho na namba ya toleo zimegongwa pembeni mara moja tu. Mteja wa kwanza akikatiwa upande ule, wa pili anaondoka na vidonge visivyo na tarehe. Ya jina kubwa, hata ikikosa tarehe, jina limejirudia kila mahali, anaondoka nalo.

Mfamasia, Morogoro: Basi anza kukata upande usio na tarehe, na kile kipande chenye tarehe kiuze mwisho, ukimwonyesha kila mteja kabla hujakata. Mzazi naye anunue karatasi nzima, asome jina la kiwanda na namba ya usajili. Kama kidonge kinamung'unyika au kina madoa, arudishe.

Muuzaji wa duka la dawa, Tabora: Kumwonyesha nitamwonyesha, daktari. Lakini mama mwenye mtoto wa moto mgongoni saa nne usiku hasomi namba ya usajili. Anasema jina.

Mzazi, Dodoma: Karatasi nzima nitanunua ya kawaida, yangu mimi. Ya mke wangu bado sijaamua.