Vumbi ghalani msimu wa korosho: ninunue barakoa gani?

Mtunza Ghala, Masasi
Habari za jioni wanajamvi. Nasimamia ghala la korosho ghafi. Nina vibarua kumi na wawili: wengi wanamwaga magunia kwenye chekeche, wawili wanafagia, wawili wanashona. Jioni wakitema mate yana rangi ya udongo, na mama mmoja wa makamo anabanwa kifua tangu wiki ya pili ya msimu. Niliwanunulia barakoa za kitambaa, haikusaidia. Nikaweka feni kubwa mlangoni, bado. Nataka barakoa bora zaidi. Ipi?

Mkulima wa Tandahimba
Pole mkuu. Hiyo labda ni salfa. Mimi mwezi wa saba niliipuliza kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, upepo ukageuka, macho yakawaka siku mbili. Tangu hapo napuliza alfajiri tu, upepo ukiwa umelala.

Fundi Kokoto
Nyunyiza maji. Kwenye kusaga kokoto tunalowesha mawe na vumbi linapungua sana.

Mpima Hewa
Fundi yuko sahihi kwa mawe. Korosho ukizilowesha unaziotesha ukungu, na ukungu huo ndio utakuwa vumbi jipya. Maji hayafai hapo.

Mkuu Mtunza Ghala, umeanzia mwisho. Barakoa ni jibu, na hujajua bado vumbi ni lipi na linatoka wapi. Kesho jioni funga madirisha, zima taa, mtu awashe tochi kali nyuma ya kazi inayoendelea, nawe simama upande wa pili, pembeni kidogo, ukitazama kuelekea mwanga. Utaona moshi ambao mchana hauonekani. Fanya hivyo kwenye kila kazi, usikisie.

Mtunza Ghala, Masasi
Nimefanya. Nimeshangaa. Kwenye chekeche vumbi ni zito na linaanguka haraka. Lakini anapofagia yule kijana, na pale wanapokung'uta magunia matupu, mwanga unajaa ukungu mwembamba usioshuka. Na feni inalisukuma moja kwa moja kwa washonaji. Yule mama ni mshonaji!

Mpima Hewa
Umeshafanya hatua ya kwanza: umelitambua tatizo. Lile jembamba ndilo linalofika ndani ya mapafu. Nusa pia magunia: kama yananuka ukungu, andika. Na muulize mama kama kifua kinafunguka siku asipokuja kazini.

Tochi inakuonyesha mahali, haikupi kiasi. Kiasi kinapatikana kwa pampu ndogo kiunoni na kichujio karibu na kola ya mfanyakazi, zamu nzima. Tuseme pampu inavuta lita 2 kwa dakika kwa saa 8: ni lita 960, yaani mita za ujazo 0.96. Kichujio kikiongezeka uzito miligramu 14.4, mfagiaji anavuta hewa yenye miligramu 15 kwa kila mita ya ujazo. Uingereza vumbi lolote linahesabiwa kuwa la hatari likifika 10 kwa wastani wa saa 8. Lakini korosho zinaokotwa chini, kwenye mchanga. Mchanga ukiwa na silika, madini ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, Marekani inaruhusu 0.05 tu ya ile laini, tangu 2016. Ndiyo maana sampuli lazima iende maabara. Mizani peke yake haitofautishi mchanga na maganda. OSHA, wakala wetu wa usalama na afya kazini, ndiyo ya kuuliza kuhusu upimaji.

Fundi Kokoto
Kwa hiyo wasubiri vipimo huku wanakohoa?

Mpima Hewa
Hapana. Unachokiona kwa tochi kirekebishwe kesho. Feni iondolewe pale, igeuzwe itoe hewa nje upande wa kazi yenye vumbi, na washonaji wakae upande hewa inakoingilia. Magunia yakung'utwe nje, mfanyakazi akiupa upepo mgongo na pawe mbali na mlango. Gunia limwagwe karibu na chekeche, lisishushwe toka kifuani. Ufagio mkavu uachwe: mashine ya kunyonya vumbi yenye kichujio laini, maana ile ya nyumbani inarudisha lile jembamba hewani. Ikishindikana, tambara lenye unyevu, pale ambapo hakuna korosho. Barakoa aina ya FFP2 iwe ya mwisho, na mwenye ndevu haimbani vizuri.

Halafu pima tena. Bila kipimo cha kwanza hutajua kama umefanikiwa.

Mtunza Ghala, Masasi
Asante sana kaka. Feni nimegeuza leo. Bosi amekubali magunia, mashine ya kunyonya anasema ni ghali. Mama anasema Jumapili alilala vizuri, Jumatatu saa nne kifua kikambana tena. Nimemwambia aende hospitali na amweleze daktari anafanya kazi gani. Kuhusu ukungu: magunia mawili ya safu ya chini yananuka. Niyatoe yote au hayo tu?