Naomba ushauri: kuhamisha programu kutoka Python kwenda Go bila kupoteza maana ya hesabu

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nimehamisha programu yangu ya Python kwenda Go mstari kwa mstari, ikakubali kujengwa bila lalamiko lolote, kisha siku ya pili ikaanguka kwenye mstari huu unaotafuta nafasi iliyotangulia katika orodha ya mzunguko:

```
p := orodha[(i-1)%n]
```

Pale `i` inapokuwa 0 na `n` ikiwa 5, Python hutoa 4, ilhali Go hutoa -1, na ujumbe ukawa `index out of range [-1]`. Nimeurekebisha kwa `(i-1+n)%n`.

Kinachoninyima usingizi ni makosa yasiyopiga kelele. Katika Python `-90 // 60` ni -2 kwa kuwa hushuka chini, lakini katika Go `-90 / 60` ni -1 kwa kuwa sehemu ya desimali hukatwa tu, hivyo saa zangu zilikosewa na hakuna aliyeonywa. Vilevile `len("ng’ombe")`, yenye ritifaa iliyopinda, ilikuwa 7 na sasa ni 9, maana Go huhesabu baiti. Nikikata herufi tatu za kwanza, ritifaa hukatika katikati. Hilo la maandishi nalitatua kwa `[]rune`.

Je, niandike funksheni yangu ya kugawanya na kuitumia kila mahali, au nilishe programu zote mbili data ileile yenye namba hasi na kulinganisha majibu? Waliowahi kupitia haya walianzia wapi?