Naomba ushauri: nitangazeje kuvuja kwa mtihani bila kuusambaza?

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwandishi wa redio ya jamii, mkoani. Juzi saa tatu usiku mzazi mmoja alinitumia picha ya karatasi ya Hisabati, moki ya darasa la saba. Asubuhi watoto wakaifanya. Mchana nikalinganisha na karatasi ya mtoto wa jirani: maswali yaleyale, hata kosa la chapa kwenye swali la 14.

Picha ya WhatsApp haibaki na taarifa za kamera, kwa hiyo ushahidi wangu ni saa ya ujumbe tu. Nimemwachia mzazi simu yake bila kufuta kitu, na nimempigia afisa elimu. Kasema "tunafuatilia". Masomo mawili bado hayajafanyika.

Kwa ukurasa wetu nilijaribu kufunika maswali kwa kalamu nyeusi ya simu. Mwenzangu akaongeza mwanga, maandishi yakasomeka! Nimeamua hakuna picha kabisa.

Wazazi wana haki ya kujua. Mwaka 2018 shule zote za wilaya ya Chemba, Dodoma, zilifutiwa mtihani wa taifa wa darasa la saba, watoto wakarudia. Lakini nikitaja jina la kundi linalouza karatasi hizo na bei yake, si ndiyo nimewaelekeza wanunuzi?

Naomba kujua:

1. Nitangaze leo somo lililovuja tu, au nisubiri masomo yaishe?
2. Afisa akitaka nimpe picha, nimkabidhije bila kumfichua mzazi?