Mtoto ana harara mgongoni, joto la Tanga halilaliki: kanga, melimeli, poliesta au kitambaa cha mianzi?

MamaJunia_Tanga

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari zenu. Nina mtoto wa kiume, ameingia wiki ya saba. Tunaishi Tanga mjini, nyumba ya bati, chumba kina dirisha moja. Mwezi huu wa pili mnaujua, hata saa sita usiku chumba kinafukuta.

Mtoto ametoka harara. Nimempeleka kliniki, wakasema ni joto tu, nimvalishe nguo nyepesi. Sasa hiyo nyepesi ndiyo inayonichanganya. Nina ovaroli za kulalia zenye soksi humohumo, alizoleta mjomba wake kutoka Ulaya, laini kama manyoya. Nina bodisuti za mtumba. Shuka la kitanda chake nilinunua dukani, muuzaji akasema ni pamba, linateleza vizuri. Godoro lake lina gamba la plastiki kuzuia mkojo. Kanga za mama yangu zipo nyingi. Na kuna dada mmoja ananishawishi ninunue seti ya kitambaa cha mianzi, bei yake si ya mchezo, anasema hicho ndicho kinachopoza ngozi ya mtoto.

Harara zimejaa zaidi kisogoni na mgongoni, na kidogo kwenye mikunjo ya shingo. Tumbo na miguu ni safi. Nianzie wapi?

BabaWawili

Pamba tu mdogo wangu. Ukikuta pamba asilimia 100 chukua, mengine yote achana nayo. Sisi wetu tuliwalaza na blanketi la pamba lile zito lenye manyoya mafupi, wakakua vizuri.

Fundi_Chumbageni

Mama Junia, umetuambia jambo kubwa ukalipita: harara ziko kisogoni na mgongoni, tumbo safi. Mtoto wa wiki saba analala chali, kwa hiyo sehemu iliyoumia ni ile inayogusa godoro. Kabla hujanunua nguo yoyote, angalia kilicho chini yake.

Harara hutoka pale jasho linapokosa njia ya kutoka, vijitundu vya jasho vikaziba. Plastiki haipitishi hewa wala haifyonzi kitu. Juu yake umeweka shuka linaloteleza, na mimi shuka la kuteleza la bei ya kawaida nalishuku kuwa ni poliesta, muuzaji aseme atakavyo. Jasho la mgongoni linabaki hapohapo usiku kucha. Hata ukimvalisha nguo nzuri namna gani, mgongo utaendelea kuloa.

Nikiongezea kwa kaka Baba Wawili: pamba ni sawa, lakini pamba ipi? Hilo blanketi la manyoya mafupi ni pamba, na ni joto, manyoya yake yamesuguliwa makusudi ili yashike hewa. Linafaa Lushoto. Huku pwani, ufumaji una umuhimu sawa na uzi wenyewe. Kitenge kizito cha pamba kimebanwa sana, hewa inapita kwa taabu. Melimeli ni pamba hiyohiyo, ila nyuzi zake zimeachana. Shika kitambaa kikiwa tabaka moja, kitazame dhidi ya mwanga wa dirisha, kisha kiweke mdomoni upulize huku mkono uko upande wa pili. Ukiisikia pumzi yako mkononi bila kulazimisha, hicho ni cha msimu huu.

Kuhusu shuka lako, usimwamini muuzaji wala mimi. Chomoa nyuzi chache kwenye pindo, zishike kwa koleo juu ya kisahani chenye maji, mbali na mtoto, uziwashe. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu ya kijivu yanayosagika vidoleni. Poliesta inajikunja na kuyeyuka, ikipoa inaacha kishanga kigumu cheusi. Ukiona majivu pamoja na vishanga, ni mchanganyiko.

UmmuSwafiya

Pole sana dada. Wangu alikuwa na mabaka makavu mashavuni na kwenye viwiko, yanawasha mpaka anajikuna damu. Nilibadilisha sabuni na kumpaka mafuta mazito ya mgando kila baada ya kuoga, akapona. Jaribu hayo mafuta, mpake mwili mzima.

Nesi_wa_Zamu

Ummu Swafiya, pole kwa ya mwanao, lakini hiyo ya kwako inasikika kama pumu ya ngozi, na ile inataka mafuta kwa sababu ngozi imekauka. Harara ni kinyume chake. Mafuta mazito juu ya harara yanazidi kuziba jasho. Mama Junia, usimpake mgongoni. Poda nayo iache, vumbi lake linaingia kifuani mwa mtoto, na kwenye mikunjo linaganda na jasho na kuwa tope.

Mwogeshe maji ya kawaida, kausha kwa kugusisha kitambaa bila kusugua, umwache kidogo bila nguo. Vipele vikianza kuwa na usaha, au ngozi pembeni ikavimba na kuwa nyekundu, rudi kliniki. Na mtoto wa umri huu akifika nyuzi joto 38, usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huohuo.

Unapotaka kujua kama amezidiwa na joto, mshike kifuani au nyuma ya shingo. Viganja na nyayo vinakuwa baridi mara nyingi bila shida yoyote, ndiyo maana watu wanaongeza soksi kwa mtoto ambaye kifua kinachuruzika jasho.

BibiMkwajuni

Wanangu, mtoto mchanga bila kofia na soksi? Upepo wa bahari wa alfajiri mnauchukulia mchezo. Sisi tuliwafunika, na tumewalea.

Nesi_wa_Zamu

Shikamoo bibi. Kwa aliyezaliwa njiti au mwenye uzito mdogo nakubaliana nawe kabisa, yule hawezi kutunza joto lake. Huyu wa wiki saba aliyetimia, ndani ya chumba cha bati mwezi wa pili, kofia inamzuia kutoa joto kichwani. Na akiwa amelala inaweza kumteremkia usoni.

BibiMkwajuni

Marahaba mwanangu. Alfajiri lakini apunguziwe feni.

MamaJunia_Tanga

Ahsanteni sana wote. Nimechoma nyuzi. Za shuka zilijikunja hapohapo zikabaki vishanga vyeusi, kwa hiyo si pamba hata kidogo. Za ovaroli za mjomba vivyo hivyo. Za bodisuti za mtumba zimetoa majivu.

Maswali mawili. Nikiondoa plastiki godoro litaoza kwa mkojo, nifanyeje? Na huyu dada wa mianzi nimjibu nini? Kitambaa chake nilikigusa, kweli ni baridi mkononi.

Fundi_Chumbageni

Plastiki usiiondoe. Weka kitu cha kunyonya jasho kati yake na mtoto. Chukua kitambaa cha taulo jembamba la pamba, kikate sawa na godoro, kishone mpira kwenye pembe nne kivutike chini. Juu yake vika shuka la bafta au la kanga iliyofuliwa mpaka ikalegea, nalo ulishonee mpira. Msisitizo wangu ni huo mpira: usitandike kanga ikiwa huru, mtoto akitupa miguu itajikusanya usoni. Kitandani mwake visiwepo mto wala blanketi.

Kanga za mama ni mali. Mpya huja na wanga, ngumu, maji yanateleza juu yake. Za zamani wanga umeisha. Dondoshea tone la maji: likizama mara moja, itanyonya na jasho. Ila siku hizi zinauzwa kanga zenye poliesta ndani, kwa hiyo choma uzi wake kwanza, kama ulivyofanya kwa shuka. Ukishatandika, ukifua usitie ile dawa ya kulainisha nguo yenye manukato, inapaka utando kwenye nyuzi na pamba inapoteza kunyonya.

Sasa mianzi. Unacholetewa kwa kawaida ni viskosi: mmea umeyeyushwa kwa kemikali kisha ukavutwa kuwa uzi. Marekani mwaka 2022 Tume ya Biashara ya serikali yao ilizibana kampuni mbili kubwa za rejareja kwa kuandika mianzi kwenye bidhaa za viskosi, wakalipa dola milioni 5.5. Hiyo haifanyi kitambaa kuwa kibaya. Katika hewa ya kawaida ya maabara gramu 100 za pamba hushika takriban gramu 7 hadi 8 za unyevu, viskosi hushika zaidi ya gramu 11, poliesta haifiki hata nusu gramu. Ndiyo maana viskosi unaisikia baridi na laini. Udhaifu wake ni maji: ikilowa inapoteza nguvu nyingi. Nguo ya mtoto inafuliwa kila siku, ukiikamua kwa nguvu itapanuka shingo na kutoboka mapema.

MamaMapacha

Hapo kwenye mianzi sikubaliani nawe sana fundi. Mimi nilizifua kwa mkono bila kukamua, nikazianika zikiwa bapa, na pacha mmoja amerithi za mwenzake. Na mwanangu mwenye ngozi nyepesi alitulia nazo kuliko pamba. Kama mtu ana uwezo, anunue moja ajaribu.

Fundi_Chumbageni

Moja sawa dada, sina neno. Seti nzima kabla ya kurekebisha godoro ndiyo ninayoikataa.

Na pamba nayo ina kasoro yake huku kwetu. Hewa ya Tanga tayari imejaa unyevu, jasho halikauki upesi, kwa hiyo bodisuti ikishalowa inabaki imelowa. Usingoje ikaukie mwilini. Akiamka kunyonya pitisha mkono mgongoni, ukikuta unyevu mbadilishe. Ni bora bodisuti nyembamba nyingi za mtumba kuliko chache za gharama. Chagua inayolegea kidogo kwapani na kifuani, hewa ipite kati ya ngozi na nguo.

BabaWawili

Fundi nimekuelewa, blanketi nimeliondoa kwenye hesabu. Ila mmesahau chandarua. Chandarua chenyewe ni poliesta, na kinazuia upepo. Sisi tulikuwa tunakitoa usiku wa joto kali.

Nesi_wa_Zamu

Kaka, tafadhali msikitoe. Malaria kwa mtoto wa umri huo hairudishiki nyuma kirahisi. Chandarua hakigusi ngozi, kwa hiyo uzi wake hauna shida. Kweli kinapunguza upepo, basi kining'inizeni juu kiwe kipana, na feni ielekee ukutani au dirishani, hewa izunguke bila kumpiga mtoto moja kwa moja.

Na nguo zikianikwa nje zikabaki na unyevu, zipigwe pasi pande zote, hasa kwenye mishono. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na buu wake huingia kwenye ngozi.

MamaJunia_Tanga

Narudisha majibu. Fundi wa mtaani amenishonea taulo na shuka mbili za kanga zenye mpira. Ovaroli za mjomba nimeziweka, atavaa tukienda Lushoto kwa babu yake mwezi wa saba. Mgongo umeanza kukauka na vipya sivioni. Za shingoni bado zipo, naona maziwa yanamchuruzikia kwenye mikunjo kila akinyonya. Nimeshona vipande vidogo vya melimeli vya kumfutia. Kuna aliyefanikiwa na shingo?

MamaMapacha

Shingo ndiyo ngumu, dada. Wangu zilikwisha alipoanza kuinua kichwa mwenyewe, mikunjo ikapata hewa. Mlaze kifudifudi juu ya kifua chako mchana ukiwa macho, hapo mikunjo inafunguka.