Naomba ushauri: hotuba yangu ya kumuaga mzee wetu inasikika kama insha

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa zangu. Nipo Moshi, na Jumamosi ijayo nitatoa hotuba ya kumuaga katibu wa chama chetu cha ushirika wa kahawa, anayestaafu. Niliisoma mbele ya wenzangu wanne, nao wakaniambia kwa upole kwamba ni kavu, kama insha ya mtihani.

Niliporudia kuisoma kwa sauti, nilikwama kwenye sentensi hii: “Kutokana na usimamizi wake madhubuti wa upokeaji wa kahawa, ambao ulikabiliwa na changamoto mbalimbali, imani ya wakulima iliimarika.” Pumzi iliniishia kabla ya kufika kwenye imani ya wakulima, na mzee mwenyewe haonekani akifanya lolote. Nimeiandika upya hivi: “Mzee alisimama kwenye mzani mwenyewe. Mkulima alisoma kilo zake kwa macho yake. Ndiyo maana tulimwamini.” Shangazi yangu aliposikia hiyo, aliinua kichwa.

Ugumu umebaki kwenye shukrani, ambako “aidha” na “vilevile” zimejaa kwa sababu ninaunganisha majina mengi, na nikiziondoa inakuwa orodha tupu. Je, nimpe kila mtu tendo lake moja, au nitaje wachache tu? Nachelea kuwavunjia heshima wazee watakaoachwa. Pia, waliozoea hadhara hushika karatasi nzima, au maneno machache ya kuwakumbusha?