Tupeane uzoefu: Mtoto ana kisukari, mmoja wetu halali usiku, na ndoa imebaki ya zamu

Mama Nuru (mwanzisha mada): Habari zenu wanajamvi. Mwanetu wa miaka saba ana kisukari cha aina ya kwanza. Tangu alipogunduliwa nalala chumbani kwake ili nimpime usiku, na mume wangu analala peke yake. Yeye anaona nimemtenga, mimi naona ameniachia mzigo. Kliniki yangu ya presha naiahirisha kila mara, ilhali ya mtoto sijawahi kuikosa. Naomba waliopitia hali hii watueleze waligawanaje usiku.

Baba Wawili: Niseme upande wa baba. Mafunzo ya sindano alipewa mke wangu, kwa kuwa ndiye aliyelala wodini na mtoto, kisha mimi nikafundishwa naye nyumbani akiwa amechoka na mwenye hofu. Kila nilipovuta insulini alisimama nyuma yangu akikagua alama za bomba. Nikaacha kujitolea, naye akaona kuacha kwangu ni kutojali. Hatukuelewana mpaka niliporudi kliniki nikafundishwa na muuguzi mwenyewe, mke wangu akiwa nje ya chumba. Hilo la kuwa nje lilikuwa na maana kuliko mafunzo yenyewe.

Mzee Kifimbo: Mnajitesa bure. Sukari ikiwa saba au nane wakati wa kulala, mtoto ataamka salama. Mimi nina kisukari kwa miaka mingi, natumia vidonge, na hakuna aliyewahi kuniamsha usiku.

Sista wa Kliniki: Mzee wangu, umesema kweli nusu. Si kila usiku unahitaji kipimo, na wazazi wengi hupima kwa hofu usiku ambao hauna sababu. Lakini mtoto anayechomwa insulini si sawa na mtu mzima wa vidonge: akikimbia sana jioni, sukari inaweza kuendelea kushuka saa nyingi baadaye, hata kama alilala nayo nzuri. Mama Nuru, muulize daktari wenu ni usiku upi wa kupima. Kwa kawaida ni ule wa baada ya michezo mingi, wa mtoto aliyekula kidogo au kutapika, wa dozi iliyobadilishwa, na wa siku ambayo sukari ilikwisha kushuka mchana.

Mkishajua hilo, andikeni karatasi ya makabidhiano: kipimo cha wakati wa kulala, dozi na saa yake, chakula, na michezo ya siku. Chini yake iandikwe lini mwenye zamu amwamshe mwenzake. Kwa mfano, sukari ikiwa chini ya 4, anampa mtoto sukari ya haraka kwa kiasi kilichoandikwa na kliniki kulingana na uzito wake, kisha anapima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, anarudia na kumwamsha mwenzake. Mtoto asiyeweza kumeza au mwenye degedege asitiwe kitu mdomoni. Achomwe glukagoni, sindano ya kupandisha sukari, kama mmepewa, na apelekwe hospitali mara moja. Zamu ya kwanza ya baba iwe usiku wa kawaida, si wa baada ya michezo. Asiye na zamu alale chumba kingine, la sivyo wote wawili mtakuwa macho na mtabishana asubuhi.

Mama Wema: Ninyi mna kipimo cha kuwaambia hali ikoje. Wangu ana selimundu, na maumivu huja bila taarifa, kwa hiyo zamu hazikutufaa. Ila kilichotutenganisha si usingizi. Tuliambiwa kuwa sote wawili tumebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo, na kwamba kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mwingine mgonjwa. Tangu hapo tukaogopana kitandani, wala hakuna aliyelitamka. Mume wangu alidhani namlaumu.

Sista wa Kliniki: Mama Wema, hilo nalisikia kwa wengi kuliko wanavyodhani wenyewe. Nendeni wote wawili kwa mshauri wa uzazi, hata kama hamjaamua lolote. Njia ya kupanga uzazi ikishakuwa ya uhakika, hofu ya mimba hutengana na swali la kama bado mnatakana.

Mzee Kifimbo: Basi nimeelewa habari ya michezo. Lakini mama asiyelala na mwenye presha, huyo naye nani anampima?

Mama Nuru: Mzee, hakuna. Kliniki yangu nimeiandika kwenye kalenda ile ile ya mtoto, na baba ndiye atakayebaki naye siku hiyo. Karatasi tumeiandika, na jana alishika zamu, akapima vizuri, mtoto akaamka na sita. Mimi nilikuwa chumba cha pili, macho wazi, nikisikiliza kila hatua yake. Waliofika hapa, ilichukua muda gani mpaka mkalala kweli usiku ambao si zamu yenu?

Baba Wawili: Kwetu mke wangu alianza kulala vizuri baada ya usiku mmoja ambao sukari ilishuka nami nikaimudu bila kumwita. Sijui kama kuna njia fupi zaidi ya hiyo, na nisingependa kukuombea uipitie.